Mistari Mitatu ya Machi

Idara nzima ya fedha ilimwita Mama Wino, na jina hilo hakupewa kwa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na moja alishika rejesta za wizara ile, ya vocha na ya masurufu, zile fedha anazopewa mtumishi kwa safari au kazi kisha azirejeshe kwa risiti, na hakuna aliyewahi kuona kurasa zake zina alama za kufutafuta. Saba yake ilikuwa na kijimstari katikati, nne yake ilifungwa juu, na kila mwisho wa mwezi alipiga mstari mwekundu kwa rula, akapuliza wino ukauke, ndipo akafunga kitabu. Makarani wengine walimtania kwamba siku akifa atataka jeneza lipigwe mstari mwekundu pia. Alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kucheka, ilimradi usimguse kalamu zake.

Ila alikuwa na tabia moja ambayo hakuna kanuni ya fedha iliyomfundisha. Kabla ya kupiga ule mstari mwekundu, aliacha mistari mitatu mitupu. Aliiita viti vya wageni. Tabia hiyo aliirithi kwa karani aliyemfundisha kazi, na sababu yake ilikuwa ya huruma tupu: wakubwa husafiri ghafla, karatasi zao zikaja nyuma yao wiki mbili baadaye, na mgeni aliyechelewa naye apate pa kukaa. Mtu akileta fomu ya tarehe ishirini na tisa wakati mwezi mpya umeshaanza, Mama Wino alimwandika kwenye mmoja wa mistari ile, namba zikafuatana, tarehe zikafuatana, na maisha yakaendelea. Kila aliyepita pale alimshukuru. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mstari mtupu kwenye kitabu cha serikali una thamani gani mikononi mwa mtu mwingine.

Mwezi wa nane, alipobakiza majuma kumi tu kustaafu, barua ya wakaguzi ikaja siku ya Alhamisi. Watakagua masurufu, hati za malipo na idhini za matumizi za mwaka mzima uliofungwa Juni. Wanaanza Jumatatu. Alhamisi ile ile Mhasibu Mkuu akasimama mlangoni kwake, mikono mifukoni, tabasamu limemjaa.

“Dada yangu, hebu niazime rejesta ya masurufu nikaipitie. Nisije nikaulizwa kitu nikabaki nimeduwaa.”

“Chukua, baba. Usinikunjie kurasa tu.”

Alimpa bila wasiwasi wowote. Yule bwana alikuwa amekuja kwenye mazishi ya mumewe, akabeba jeneza bega kwa bega na wanawe, na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine zaidi ya dada. Ijumaa saa nne asubuhi kitabu kikarudi, kimefungwa vizuri, hata vumbi kimepanguswa.

Mwezi wa tatu Mama Wino alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho. Jicho lake la kulia sasa lilikuwa jicho jipya. Liliona mpaka nyuzi za pazia la dirisha la mbali. Alifungua rejesta ili ahesabu masurufu ambayo hayajarejeshwa, akapita Januari, akapita Februari, na alipofika Machi mkono ukasimama.

Mgeni alikuwa ameingia. Juu ya mstari mwekundu wa Machi, alioupiga aliporudi kutoka hospitali, aliacha viti vitatu, na alikumbuka vizuri kwamba hakuna aliyekuja kuvikalia. Sasa kimoja kilikuwa na mtu. Tarehe 28 Machi, masurufu maalumu, mafunzo ya watumishi wa mikoani, milioni thelathini na nane. Safu ya marejesho ilikuwa tupu. Na kwenye safu ya jina la mpokeaji lilikuwa jina lake mwenyewe, lote, mpaka la babu.

Mwandiko ulikuwa wake. Kwenye namba ya fomu palikuwa na saba yenye kijimstari katikati na nne iliyofungwa juu. Lakini jicho jipya halikudanganyika: wino wa mistari ya jirani ulikuwa umefifia kwa miezi mitano, na wino wa mstari ule ulikuwa unawaka.

Akavua miwani, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Mtu mwingine angepiga kelele, au angekimbilia ofisi ya Mhasibu Mkuu na kitabu mkononi. Mama Wino alikifunga kitabu taratibu, kwa sababu duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuandika saba ile. Alimfundisha mwenyewe. Mtu huyo alikaa meza ya pili kutoka yake, alikuwa karani wa mkataba, na jioni walirudi nyumba moja. Alikuwa mke wa mwanawe.

Kazi ile alimwombea Mama Wino mwenyewe. Alimkalisha karibu naye miezi sita, akamwambia, “Mwanangu, fuata mwandiko wangu, rejesta isionekane imeandikwa na kijiji kizima.” Na binti wa watu akafuata, kwa bidii, mpaka siku moja Mama Wino mwenyewe alishindwa kutambua ukurasa upi ni wa nani. Siku hiyo alijivuna kwa kila aliyepita.

Jioni walipofika nyumbani, vyumba vitatu vya kupanga ambavyo Mama Wino alishachoka kuvilipia, alimpa mjukuu wake penseli na gazeti la zamani akachore barazani. Mwanawe alikuwa safarini na lori lake, hatarudi mpaka wiki ya pili. Akaingia jikoni, akafunga mlango. Mkwewe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

“Mstari wa Machi umeuandika wewe?”

Ungo ukasimama. Yule mwanamke hakuuliza mstari gani.

“Nilidhani unajua, Mama.”

“Nani alikwambia najua?”

“Mhasibu Mkuu. Jana aliniita, rejesta iko mezani kwake, na fomu yako ipo pale imesainiwa. Akasema umekubali, ila umeona aibu kuandika jina lako mwenyewe. Akasema…” Akameza mate. “Akasema zile nafasi umeziacha wewe kwa ajili ya kazi kama hiyo. Na kweli unaziacha, Mama. Nimekuona miaka yote.”

Mama Wino akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Maneno hayo ya mwisho yalimwingia mpaka kwenye mifupa, kwa sababu hayakuwa na uongo ndani yake.

“Na wewe alikuahidi nini?”

“Ajira ya kudumu. Barua yangu ya kuthibitishwa ipo kwenye droo yake, nimeiona kwa macho yangu.” Sasa alikuwa analia, mchele unalowa. “Lakini fomu ina saini yako! Ningejuaje?”

Ndiyo, saini ilikuwa yake. Hilo nalo halikuwa na ubishi. Idara ilikuwa na masurufu madogo ya kudumu, ya stempu, sabuni na nauli za matarishi, na mshika fedha hizo alikuwa Mama Wino. Kila zilipokwisha, fomu ya kuzijaza upya ilitaka saini yake mahali pawili, pa mwombaji na pa mpokeaji, na Mhasibu Mkuu hakosi vikao. Ili kazi isilale, alikuwa na desturi ya kusaini fomu tano kwa mpigo, tupu, kitabu kikakaa kwenye droo ya bosi. Miaka yote hiyo zilijazwa sabuni na stempu. Safari hii moja ilijazwa milioni thelathini na nane.

Usipomwelewa Mhasibu Mkuu hutaielewa hadithi hii, kwa hiyo tumweke wazi. Katika wizara ile anayeidhinisha matumizi ni Mkurugenzi wa Utawala. Mhasibu kazi yake ni kulipa kilichoidhinishwa. Mtu mmoja hafanyi yote mawili. Lakini Mkurugenzi alikwenda masomoni miezi miwili, na kwa barua akamkaimisha Mhasibu Mkuu madaraka ya kuidhinisha, mwisho tarehe 31 Machi. Kwa miezi miwili yule bwana akawa anajiomba, anajikubalia, anajilipa. Mei, alipozitaka zile milioni, madaraka yalishakwisha. Mwenyewe alikuwa na masurufu mawili hajayarejesha, na anayedaiwa hapewi mengine. Kwa hiyo alihitaji vitu viwili: jina la mtu asiyedaiwa, na tarehe ya Machi. Jina alilipata kwenye droo yake. Fomu akaisaini kwa tarehe 28 Machi, fedha akazitoa Mei kwa maelezo kwamba zilichelewa kutoka hazina, jambo ambalo hutokea kila mwaka na halimshangazi mtu. Kilichobaki ni namba ya Machi kwenye rejesta. Nayo ilikuwa inamngoja, mahali pake pasafi, juu ya mstari mwekundu.

“Mama, tufanye nini?”

Mama Wino alikuwa na silaha moja, na aliijua. Fomu za masurufu huchapwa kwa namba, kitabu kwa kitabu, na hutolewa stoo kwa saini. Kitabu cha zamani kiliisha Aprili. Kitabu kipya, chenye ile namba ya fomu iliyo kwenye rejesta, alikichukua mwenyewe tarehe sita Mei, akasaini kwenye leja ya stoo. Fomu yoyote ya kitabu hicho yenye tarehe ya Machi ilikuwa uongo wa mchana kweupe, maana Machi kitabu chenyewe kilikuwa hakijatoka kwenye boksi. Na zaidi ya hapo, tarehe 28 Machi yeye hakuwepo. Alikuwa likizo ya ugonjwa, amelala, jicho limefungwa bandeji.

Angeweza kusema hayo mawili tu, akatoka mlangoni akiwa salama. Lakini wakishajua hakuwepo, swali linalofuata ni nani aliyeshika rejesta wakati hayupo, na nani mwingine ana saba ile. Silaha ilikuwa na ncha mbili, na ncha ya pili ilimwelekea mama wa mjukuu wake.

“Wewe nyamaza,” alisema hatimaye. “Wakikuuliza, sema hujui kitu. Mimi nitajua la kusema.”

“Na kiinua mgongo chako?”

Kiinua mgongo! Kiwanja kilikuwa kipo, kuta zilishafika kwenye linta, mabati alishayaulizia bei mara tatu. Miaka thelathini na moja ya kuandika safari za watu wengine, na zawadi yake ilikuwa paa. Masurufu yasiyorejeshwa hukatwa kwenye mshahara, na kwa anayestaafu hukatwa kwenye kiinua mgongo mpaka yaishe. Milioni thelathini na nane zingekula paa, kuta na kiwanja, na bado angedaiwa. Hapo hatujataja mahakama.

“Chambua mchele,” akasema. “Mtoto atalala njaa.”

Jumatatu wakaguzi wakaingia. Walikuwa watatu, wakapewa chumba cha mikutano ghorofa ya tatu, na kiongozi wao alikuwa mwanamke mfupi, mpole, wa makamo, ambaye hakunywa chai ya wizara. Alikuja na chupa yake. Vijana wake waliweka alama kwa kalamu za kijani, maana kijani ni rangi ya wakaguzi na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitumia, na kutwa nzima ilisikika mikwaruzo midogo ya vocha kufunguliwa na kufungwa. Hawakugombeza mtu. Hawakuuliza fedha ziko wapi. Waliomba vitu vidogo vidogo, kwa karatasi, kwa heshima: rejesta, vocha za Machi mpaka Juni, hati za idhini ya matumizi, barua ya kukaimisha madaraka.

Makarani walianza kutembea kwa ncha za vidole. Mzaha ukaisha. Mtu wa masjala aliyekuwa akiimba tangu asubuhi mpaka jioni alinyamaza, na ukimya wake ulimtisha Mama Wino kuliko wakaguzi wenyewe.

Mchana Mhasibu Mkuu alimkuta kwenye ngazi.

“Dada, umekonda. Usijitese bure. Hilo jambo dogo.”

“Dogo kwa nani?”

“Risiti za marejesho zinakuja, nimeshaongea na mtu wa hoteli na mtu wa magari. Wewe ukiulizwa, sema ulichukua fedha, ukalipa posho, na marejesho yamechelewa kwa sababu ya jicho. Basi. Utapewa onyo la karatasi, na wewe unakwenda zako kupumzika.” Akamshika bega, kwa mkono ule ule uliobeba jeneza. “Ukisema vingine, watauliza mwandiko ni wa nani. Mimi sitaki yule binti apate matatizo. Ana mtoto mdogo.”

Akapanda ngazi mbili mbili akipiga mluzi. Alikuwa hodari wa kuuma na kupuliza, na safari hii Mama Wino aliyasikia meno. Alimchukia pale pale, chuki safi, isiyo na aibu, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa lile neno “baba” alilomwita siku ya Alhamisi.

Jumanne ghorofa ya tatu waliomba leja ya stoo. Mtunza stoo aliipandisha kwapani, akarudi mikono mitupu. Jioni yake wakaomba mafaili mawili ya watumishi. Hakuna aliyejua ya nani.

Nyumbani mkwewe alipika akasahau chumvi. Walikula hivyo hivyo. Mjukuu peke yake ndiye aliyelalamika, na wote wawili wakamkemea kwa pamoja, kisha wakaangaliana kwa haya.

Jumatano saa tatu, simu ya ndani ililia. Aliyeitwa hakuwa Mama Wino. Mkwewe alisimama, akatengeneza gauni, akapita karibu na meza yake. Mama Wino alitaka kumgusa mkono, ila macho ya idara nzima yalikuwa pale. Akamkonyeza tu. Nyamaza.

Muda ulipita. Alihesabu ukurasa mmoja wa vocha mara nne, ukampa jumla nne. Saa tano kasoro mkwewe akarudi, lakini hakurudi kwenye meza. Alichukua mkoba wake, akatoka na macho chini, na nyuma yake mlango wa Mhasibu Mkuu ulifunguka kidogo ukafungwa. Simu ikalia tena.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, na vocha zimepangwa juu yake kwa miezi. Mkaguzi alimwonyesha kiti, akammiminia maji kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Pole na jicho. Limepona?”

“Nashukuru, limepona kabisa.”

“Vizuri. Sitakuchosha.” Mkaguzi akafungua rejesta mahali palipowekwa kipande cha karatasi. “Kitabu chako ni kisafi, nakwambia kweli. Nimekagua wizara sita, sijaona kitabu kisafi hivi. Ila kila mwezi unaacha mistari mitatu. Kwa nini?”

“Ya wanaochelewa.”

“Na huu wa Machi, nani alichelewa?”

“Mimi.”

Mkaguzi hakuandika kitu. Akageuza fomu juu ya meza, taratibu, ikamwelekea. Kona ya juu kulia, kwa wekundu, ilikuwa na namba ya chapa.

“Hii saini ni yako?”

“Ni yangu.”

“Mama, naomba nikuulize jambo moja, na ufikiri kabla ya kujibu. Tarehe ishirini na nane Machi ulikuwa kazini?”

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Aliuona waziwazi, umeachwa wazi kwa makusudi, na yule mwanamke amesimama pembeni akimngojea apite. Angesema sikuwepo. Angesema nilisaini fomu tupu, Mei, na kitabu kilitoka stoo Mei. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha akaiona sura ya mjukuu wake amekaa barazani na penseli, anaandika saba, na kwenye ile saba anaweka kijimstari katikati, kama alivyofundishwa na mama yake, kama mama yake alivyofundishwa naye.

“Nilikuwepo,” akasema. “Fedha nilichukua mimi. Niliandika mwenyewe. Mtu mwingine hahusiki.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

“Uko tayari kuyaandika na kusaini?”

Aliandika. Mistari ilikaa sawa bila rula. Alipomaliza aliona wepesi fulani, wa mtu aliyetua mzigo mahali ambapo hakuna wa kumwambia auinue tena. Akasukuma karatasi.

Mkaguzi aliisoma mpaka mwisho. Kisha alivua miwani, akayafikicha macho, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

“Hili ni faili lako la utumishi,” alisema. “Kuanzia tarehe ishirini na nne Machi ulikuwa likizo ya ugonjwa. Ishirini na nane ulikuwa wodini, jicho limefungwa. Daktari ameandika. Na hii ni leja ya stoo. Fomu hii ilitoka tarehe sita Mei, uliichukua wewe. Haikuwepo Machi. Haya yote nilikuwa nayo kabla hujapanda ngazi.”

Mama Wino aliitazama ile tarehe sita Mei, na saini yake kando yake.

“Namjua aliyefanya hivi,” aliendelea Mkaguzi. “ Saini yake ya kuidhinisha iko hapa, tarehe ameandika ya Machi kwa sababu ya ile barua ya kukaimu. Lakini atasema alisaini alicholetewa na karani mzoefu aliyemwamini, na kwamba tarehe uliweka wewe. Karatasi peke yake haitamnasa. Nilihitaji mtu mmoja tu aseme fomu ilisainiwa tupu, nani aliishika, nani aliamuru mstari ujazwe. Mtu mmoja.”

“Sikutaka mtoto wa watu…”

“Najua hukutaka.” Mkaguzi alitoa karatasi nyingine chini ya faili. Alisita nayo kidogo hewani. “Sheria inanitaka nikuonyeshe unachotuhumiwa nacho. Huyu alikuja kabla yako. Nilimwuliza maswali haya haya. Akanipa hii, ameshaiandika, ameitoa kwenye mfuko wa gauni.”

Mama Wino aliinamia karatasi. Jicho jipya lilisoma bila shida yoyote. “Mama mkwe wangu ndiye aliyeniagiza kuujaza mstari wa tarehe 28 Machi. Aliniambia kwamba ameshazichukua fedha Mei na atazirejesha kwa kiinua mgongo chake. Aliacha nafasi hiyo kwa makusudi. Sikuweza kumkatalia kwa kuwa ndiye aliyenitafutia kazi.” Maneno mengine hayakuwa ya mkwewe. Aliyatambua, yalikuwa ya Mhasibu Mkuu, mtu wa vikao, na alimsikia kabisa akiyasema taratibu, kituo kwa kituo, barua ya ajira iko mezani. “Anastaafu yule, watamfanya nini? Wewe una mtoto.”

Lakini mwandiko ulikuwa safi kabisa. Mistari ilikaa sawa. Katika namba ya fomu iliyotajwa chini, nne ilifungwa juu na saba ilikuwa na kijimstari katikati. Karatasi mbili zililala juu ya meza, yake na ya mkwewe, na mtu wa kando asingeweza kusema ipi imeandikwa na nani.

“Sasa nina mashahidi wawili,” alisema Mkaguzi kwa sauti ya chini, “na wote wananiambia ni wewe.”

Akachukua kalamu ya kijani, akaweka alama ndogo kwenye karatasi ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Chini, kwenye ngazi, mtu alikuwa anapanda mbili mbili akipiga mluzi.